Bluu ya Odeta

Odeta alikuwa akifua nguo nyeupe za watu wa Misunkumilo, na aliyepita barabarani alijua ni mkono wake kwa jinsi mashati yalivyong'aa kwenye kamba. Mashati ya shule, kanzu za watumishi wa altare, mashuka ya nyumba ya wageni ya pale kona. Mashine hakuwa nayo. Alikuwa na mabeseni yake, sabuni ya mche, na kopo dogo la bluu ya unga aliyoichota kwa ncha ya kijiko kama mtu anayempimia mtoto dawa. Nguo ikizidi bluu, aliniambia siku moja, inaonekana kama imeogopa.

Alizaliwa Katumba, kwenye makazi ya watu waliotoka Burundi, na Burundi yenyewe hajawahi kuiona. Kirundi chake anakitumia kwa watoto wachanga tu. Faith wangu akilia, Odeta anamchukua, anamwita mwana wanje, yaani mwanangu, anamnong'oneza maneno nisiyoyajua, na mtoto ananyamaza. Ni mwanamke mrefu, mkavu, mikono imechakaa hadi kwenye viwiko, na akisalimiwa huinama kidogo hata kwa mtu mdogo kwake kwa umri. Hakuwa na mume wala hakueleza. Kwenye nyumba ya kupanga, mtu asiyeeleza mambo yake, wenzake humwelezea.

Chumba chake kilitazamana na changu. Mimi na baba Faith, Makarius, tulitoka Kasansa baada ya yeye kupata pikipiki ya kubebea abiria, tukapewa chumba kilichobaki, kile kinachopakana na choo. Kilibaki kwa sababu hiyo hiyo, nadhani. Mwingine aliyepanga pale ni Hezron, kijana muuza makava ya simu sokoni, mwenye manukato mengi na maneno mengi zaidi.

Mwenye nyumba ni Mama Masunga, Msukuma, na sote tulimwita Mayu kama wanavyomwita mama kwao. Yeye na marehemu mumewe walihamia Katavi na ng'ombe, wakauza ng'ombe, wakajenga. Mtu aliyezoea kuhesabu ng'ombe kila jioni hawezi kulala bila kuhesabu kitu. Mayu alihesabu maji. Siku za mgao yalipanda kwenye simtanki jeusi lililokaa juu ya mnara wa matofali, na siku zilizofuata alikuwa analizunguka na mwiko mkononi, analigonga toka juu kuja chini, sikio limeinama. Likilia zito, pana maji. Likilia jepesi, hayapo. Akishamaliza kugonga anatutazama mmoja mmoja, usoni halafu kwenye ndoo.

Choo kilikuwa cha kukaa. Mwana wa Mayu aliyeko Mwanza alikileta na kukifunga wakati wa likizo, tanki jeupe nyuma, na juu ya mfuniko wake vitufe viwili vya kung'aa, kimoja kidogo na kimoja kikubwa. Kidogo kwa haja ndogo, kikubwa kwa haja kubwa. Mayu mwenyewe hakukitumia hata siku moja. Aliendelea na choo chake cha shimo kule nyuma, akisema hawezi kukalia kitu kinachomngurumia mgongoni. Kwetu aliweka sheria. Kitufe kikubwa alikibandika plasta, ile ya vidonda, tutumie kidogo tu. Hezron aliibandua siku ya kwanza.

"Mayu, mi siendi chooni kuomba radhi," alimwambia.

Mayu alibandika nyingine. Nayo ikabanduliwa.

Basi, tangu kiangazi kianze, maji yakawa hayafiki mgao unaofuata. Simtanki lile lile, watu wale wale, lakini mwiko ulianza kulia jepesi mapema. Mayu akanunua kufuli, akaifungia koki ya uani ndani ya kijisanduku cha chuma, ufunguo akautia shingoni pamoja na rozari. Tukawa tunachota mbele ya macho yake. Maji yakaendelea kuisha. Akaita watu wakague mabomba. Ardhi kavu, hata kwenye maungio hapakuwa na unyevu, kuku wanaoga vumbi pale pale chini ya mnara. Maji yanakwenda, na hayalowanishi kitu. Kwa hiyo, alisema Mayu, yanakwenda kwa miguu ya mtu.

Na miguu ya nani, hilo halikuchukua muda. Kamba za Odeta zilijaa kila siku. Odeta alisema maji yake anachota kisima cha kule bondeni, anakwenda alfajiri kabla hakujajaa watu. Ni kweli, mimi nilimsikia akitoka, kwa sababu Faith huamka na majogoo. Lakini kusikia mlango si kuona ndoo, na Mayu alinikata pale pale: mlango unaweza kufunguliwa kwenda kisimani, na unaweza kufunguliwa kwenda kwenye koki. Hezron akaongeza kwamba ufunguo wa kufuli la siku hizi unachongwa popote. Alisema kwa utani, ila utani wake aliuacha uani na Mayu akauokota.

Ijumaa moja Mayu alisimama mbele ya kamba zilizojaa mashuka, akashika pindo la moja, akalikamua kwa vidole ingawa lilishakauka.

"Haya yote umeyafua kwa mate, Odeta?"

"Kwa maji ya kisima, Mayu."

"Kisima gani kinachotoa maji meupe hivi? Mimi sina ugomvi na mtu. Mgao ukija Jumatano, nikute hicho chumba kiko wazi."

Odeta aliinama kidogo, kama anavyoinama akisalimiwa. Aliendelea kukunja mashuka ya watu, kona kwa kona, na nikaona anakunja vibaya, anarudia, anakunja tena. Ninajua chumba kwake ni nini. Nguo za watu huletwa mahali panapojulikana. Mfuaji akihamishwa kwa neno la wizi, hakuna mtaa hapa Mpanda utakaompa hata kitambaa cha kufutia pua.

Tangu siku hiyo tukawa tunachungulia. Hezron akitoka chooni, Odeta anamtazama. Odeta akipita na beseni, Hezron anatazama beseni. Mayu alitutazama sote. Mimi nilikuwa na nepi za Faith, na siku moja nikamkuta Mayu anazigusa kwenye kamba, moja moja, kama anayetafuta iliyokuwa na hatia.

Mimi hukaa ndani mchana kumnyonyesha mtoto, mgongo umeegemea ukuta ule wa choo kwa sababu una ubaridi. Hapo ndipo nilipoanza kusikia. Sauti nyembamba, sssss, kama nyoka kwenye makuti. Inakatika. Nikadhani nimeota. Inarudi tena, kidogo, inakatika. Nilitoka na Faith kifuani, nikasukuma mlango wa choo. Hamna mtu. Nikarudi, nikakaa, ikaja tena.

Kwanza nilimshuku Hezron, kwamba ana kitu anachofanya mle. Nikawa nasikiliza. Akiingia yeye na kubonyeza kitufe chake kikubwa, tanki linanguruma, linajaa, linanyamaza, halafu baada ya muda sauti inaanza, inakatika, inaanza. Nikiingia mimi, na mimi hubonyeza kidogo, mara nyingi panakuwa kimya. Lakini si mara zote. Na mara nyingine hata baada ya Hezron pananyamaza kabisa, hadi nikajiona mjinga. Kitu kinachotokea leo na kesho hakitokei, ukikieleza kwa watu wanakuangalia wewe.

Nilimweleza Odeta. Alikuwa anasuuza kola za mashati. Hakufurahi kama nilivyotegemea. Aliangalia kwanza mlango wa Mayu, halafu wa Hezron.

"Ukisema wewe, watasema nimekutuma," alisema.

"Kwa hiyo ninyamaze?"

"Unaweza kuniletea mtu akaona kwa macho yake? Sio kusikia. Kusikia huku kwetu kumekwisha thamani."

Nilikaa na neno hilo. Jumatatu, Hezron alikuja kula mchana, akaingia chooni, akanguruma na tanki lake, akarudi sokoni. Nikasubiri ukutani. Sauti ikaja. Nikaenda nikainama kwenye sinki la choo, nikatazama ukuta wake wa ndani, ule wa nyuma, chini ya ukingo. Weupe mtupu na maji ni meupe, huoni kitu. Nikapitisha kidole. Palikuwa panateleza kwa maji, na kidole kilipotoka pakafunikwa tena. Nikafikiria, maji meupe juu ya weupe, hata wizi ungekuwa mbele yako usingeuona. Kinachotakiwa ni rangi.

Nilimwomba Odeta bluu kijiko kimoja. Halafu nikaenda kwa Mayu, nikapiga goti mlangoni na Faith mgongoni, nikamwomba aje akae na mimi chooni kidogo. Alinitazama hadi nikahisi joto shingoni. Aliuliza ni nani yuko mle. Nikamwambia hakuna mtu, ndilo ninalotaka alione.

Alikuja na kitambaa chake mwenyewe, maana changu hakukiamini. Nikamwomba apanguse ukuta wa sinki kwa nyuma hadi ukauke, akapangusa mwenyewe, kwa nguvu, kama anayesugua sufuria. Nikanyunyiza unga wa bluu pale juu, chini kidogo ya ukingo. Tukasimama. Odeta alibaki nje, mikono nyuma, ili isisemwe kwamba aligusa.

Muda si mrefu ile bluu ikaanza kulowa upande mmoja. Ikafanya doa, doa likapata ulimi, ulimi ukashuka taratibu hadi kwenye maji na kuyatia rangi kama anga ya asubuhi. Hakuna aliyebonyeza kitu. Na tukiwa tumesimama hapo, tanki likafanya sssss mgongoni mwetu, likakatika. Mayu aliruka nyuma.

"Kinatiririka chenyewe?"

"Chenyewe, Mayu. Na kinakwenda shimoni, ndiyo maana udongo ni mkavu."

Nilitegemea ashukuru. Badala yake uso wake ulijifunga. Alisema labda ni mara moja tu, labda kimechoka na joto. Nikasema aitwe fundi afungue tanki. Akasema mafundi ni wezi, wakifungua kizima wanafunga kibovu. Akasema mwanawe atakuja Krismasi. Mimi nikaanza kumtazama kwa jicho lingine. Huyu aliyekuwa tayari kumfukuza mtu Jumatano, sasa anaweza kusubiri Krismasi, na mkono wake ameuweka juu ya mfuniko wa tanki kama anayezuia sufuria isichemke.

Jioni nilimweleza baba Faith. Asubuhi, Jumanne, akamleta abiria wake mmoja, fundi Ezekia, fundi bomba, kwa pikipiki, bila kumuuliza mtu. Mayu alisema asifungue sana. Fundi akauliza kufungua sana ni kufungua vipi, akazungusha ile pete inayobana vitufe, ikatoka, akainua mfuniko. Hezron naye alikuwa hajaondoka. Tulibanana mlangoni sote, Odeta nyuma kabisa.

Ezekia alifanya kazi huku anaongea peke yake, kama mafundi wengi, nami nikasikiliza. Kuna upande maji yanapoingia, una boya. Maji yakishuka boya linashuka na kufungua njia, yakipanda linapanda na kufunga. Boya likiwekwa juu mno, au likashindwa kufunga, maji yanapanda hadi kuvuka mdomo wa bomba lililosimama katikati, yanamwagikia sinkini badala ya kumwagika sakafuni. Alielekeza tochi pale. Maji yalikuwa chini ya mdomo, tena chini sana. Basi si hapo. Akashika kile kitu cha katikati, kama mnara mdogo wa plastiki, chini yake kuna pete ya mpira inayokaa juu ya tundu la kutolea maji. Kitufe chochote kinauinua mnara, alisema. Ukibonyeza kidogo, unarudi kukaa wakati maji bado yapo. Ukibonyeza kikubwa, unachelewa hadi tanki linakaribia kwisha. Alibonyeza kwa mkono aone kama hauning'inii njiani, ulishuka vizuri. Basi ni mpira. Kama haukai sawasawa kwenye tundu, maji yanavuja chini yake usiku na mchana, yakipungua kidogo boya linashuka, linaongeza, linafunga, yanapungua tena.

"Hiyo ndiyo sssss ya mama Faith," alisema Hezron, safari hii bila kucheka.

Ezekia alifunga koki ya kuingizia maji, akabonyeza kikubwa tanki liishe, akatumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko. Mkono ulipotoka ulishika bonge jekundu, laini, linamomonyoka na kumdondokea kwenye vidole kama uji wa ulezi.

Hezron alirudi hatua nyuma, akanikanyaga. Alisema kile si kitu cha kuokotwa kwa mkono. Alisema dawa hiyo, watu wa ng'ambo huko wanazika vitu, na wengine wanaviweka kwenye maji ili baraka za nyumba zitoke. Hakutaja jina. Alitazama tu nyuma yetu, na sote tukageuka kumtazama Odeta aliyesimama uani na mikono nyuma.

Hapo nilimwona akibadilika. Kwa wizi alikuwa ameinama tu. Kwa hili alinyooka, akawa mrefu kuliko mlango. Alijua, na mimi nilijua, kwamba mtu akihama kwa neno la wizi anaweza kuanza upya mji mwingine, ila akihamishwa kwa neno hili linamtangulia hadi Katumba.

Mayu alikuwa anatazama lile bonge mkononi mwa fundi, na nikaona hashangai. Kila mmoja wetu alishangaa isipokuwa yeye na fundi.

Ezekia aliliosha kwenye ndoo. Likabaki kipande, kona mbili na ubavu mmoja ulionyooka. Akasema ni nusu tofali, la kuchoma, tena lile la pembeni ya tanuri lisiloiva. Likilowa linarudi kuwa udongo. Chembe zake zinakaa chini, na mtu akibonyeza kikubwa maji yanazivuta kwa nguvu, nyingine zinabaki kati ya mpira na tundu. Mara zinabaki, mara zinapita. Ndiyo maana leo kinavuja na kesho hakivuji.

Kule nyuma ya jiko la Mayu, pale pale tulipokuwa tunaona kutoka mlangoni, kulikuwa na rundo la matofali yaliyobaki kujenga, yaliyotoka Magamba. Mazuri yamepangwa juu ya mawe. Yasiyoiva yametupwa pembeni, na kuku wanayaparua.

"Mayu," nilisema, na sauti yangu ilitoka ndogo kuliko nilivyotaka, "kule kwenye yale ya kuku, si ndiyo haya haya?"

Alivuta ile rozari shingoni, yenye ufunguo. Aliuzungusha ufunguo, akauzungusha.

"Nimeliweka mimi," alisema. "Redio ilisema weka tofali ndani, kila mkivuta maji yatoke pungufu. Nikaona zuri nalipoteza bure, nikachukua la kutupa. Sikuwaambia kwa sababu mngelitoa."

"Tungelitoa kweli," alisema Hezron, chini chini.

"Wewe nyamaza. Nyie wote niliwashuku, na tofali ni langu." Halafu akageuka, na hili alilisema akitazama kamba za nguo, si mtu. "Odeta. Kesho maji yakija, ndoo zako zitangulie."

Hiyo ndiyo ilikuwa samahani yake, na sijamsikia akitoa nyingine kwa mtu yeyote. Odeta aliinama kidogo.

Ezekia aliosha tanki, akafuta kile kikalio cha mpira kwa kitambaa, akatoa pete ya mpira na kutuonyesha ilivyokwaruzwa na mchanga. Alikwenda dukani akarudi na mpya. Kuhusu kubana maji, alimwambia Mayu asitumbukize kitu tena; boya lina skrubu yake, akalishusha kidogo, na akajaribu vitufe vyote viwili mara kadhaa kuhakikisha kinachotoka bado kinatosha kusafisha. Kufuli linalozuia maji yasipotee, alisema, ni kuambiana ukweli. Hezron alicheka peke yake.

Kabla hajafunga mfuniko nilimwomba asubiri. Mayu akapangusa sinki kwa kitambaa chake. Odeta, safari hii yeye mwenyewe, akaingia na kopo lake, akachota kwa ncha ya kijiko, akanyunyiza. Tukasimama hadi Faith akaanza kuchoka mgongoni. Bluu ilibaki pale pale, unga mkavu, haikuonyesha hata jasho.

Odeta yupo. Begi lake alilokuwa amelifunga alilifungua baada ya siku nyingi, kidogo kidogo, leo kitenge, kesho sufuria, kama mtu anayejaribu kina cha maji kwa mguu. Bado anakwenda kisimani alfajiri, ingawa ndoo zake huwa za kwanza kwenye koki, na siku hizi akirudi anapita mbele ya dirisha la Mayu, anazitua kwa kishindo, halafu anaendelea. Mayu bado analigonga simtanki kwa mwiko. Likilia jepesi anatutazama usoni kama zamani. Ila kwanza anaingia chooni, anatega sikio kwenye tanki, na mfukoni mwake, nimeiona, ana bluu kidogo imefungwa kwenye kipande cha nailoni.